Taarifa ya malipo kwa saplaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (ankara, makato na kilichotumwa)

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoshika hesabu huku Kigoma, wenye viwanda vidogo vya mawese, wenye maduka ya jumla, wenye maboti, na karibu wote shida yao ni moja. Hela imetumwa, saplaya kaipata, lakini bado anapiga simu. Kwa hiyo hatuongelei jinsi ya kulipa, tunaongelea ile karatasi inayofuata malipo na jinsi ya kuinyoosha mpaka mtu wa upande wa pili asiwe na swali.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho ili tusichanganyane. Kiwanda binafsi cha kukamua mawese maeneo ya Ujiji kinanunua spea za mashine kwa saplaya wa Mwanza, na huyohuyo ndo anatuma fundi kufanya sevisi. Wote wawili wamesajiliwa VAT. Ankara ziko tatu:

- 0417, spea: 4,000,000 na VAT 720,000, jumla 4,720,000
- 0423, ufundi wa sevisi: 1,000,000 na VAT 180,000, jumla 1,180,000
- 0431, beringi na chujio: 2,000,000 na VAT 360,000, jumla 2,360,000

Zote tatu pamoja ni 8,260,000. Benki imetoka 6,856,000. Hiyo tofauti ya 1,404,000 ndo stori yote.

Mimi huwa naandika tu "malipo ya ankara 0417, 0423 na 0431, makato 1,404,000, tumetuma 6,856,000". Kuna ubaya gani, si hesabu ipo sawa?

Hesabu ipo sawa ndio, lakini kwa mtu wa Mwanza haimsaidii kitu. Yeye kwenye vitabu vyake hana kitu kinaitwa "8,260,000 za Ujiji", ana ankara tatu, kila moja imekaa peke yake na inamsubiri aifunge. Ukimpa namba moja ya makato hajui aikate kwenye ankara ipi wala kwa sababu gani, sasa hapo anafanya moja kati ya mawili, ama anaitupia yote kwenye ankara ya zamani kuliko zote, ama anaiacha hela yako ielee kwenye akaunti yako iliyo kwenye vitabu vyake bila kufunga ankara yoyote. Mwisho wa mwezi inakuja stetimenti inasema unadaiwa, wewe unasema umelipa, na wote mna haki. Halafu inaingia meseji ya Watsapu: "Dada habari za kazi, tumeona 6,856,000 imeingia, naomba utufafanulie ni ya nini na nini."

Ukiona meseji ya hivyo ujue taarifa yako ilikuwa haijakamilika, hata kama ilikuwa na muhuri.

Sasa inatakiwa ikaeje?

Kila ankara mstari wake, na kila kato likae kwenye mstari wa ankara linayoihusu. Hiyo ndo kanuni kubwa, mengine yote ni mapambo. Mfano wetu ukinyooshwa unakuwa hivi:

```
Ankara   Jumla       Imepungua   Sababu                  Inayolipwa
0417     4,720,000   1,000,000   Advansi ya awali        3,720,000
0423     1,180,000      50,000   Kodi ya zuio 5%         1,130,000
0431     2,360,000     354,000   Kredit noti 0058        2,006,000
JUMLA    8,260,000   1,404,000                           6,856,000
```

Juu ya hapo weka jina lako na TIN, jina la saplaya, tarehe ya malipo, njia ya malipo na namba ya muamala wa benki. Namba ya ankara iandike kama alivyoiandika yeye, sio namba uliyoipa wewe kwenye mfumo wako. Kuna watu wanaandika "P/V 112" wakati saplaya hajawahi kuiona P/V 112 maishani mwake.

Kolamu ya kwanza ya hela iwe ile jumla kamili iliyo kwenye ankara, pamoja na VAT, kabla hujagusa chochote. Ukianza na namba ambayo tayari umeipunguza kichwani, mwenzio ataitafuta kwenye vitabu vyake asiione.

Kwa nini useme sababu ya kila kato? Si yote ni makato tu?

Hapa ndo penyewe, naomba usipapite haraka. Hizo tatu kwenye mfano zinaonekana zinafanana kwa sababu zote zinapunguza unachotuma leo, lakini kwa saplaya ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Kredit noti inapunguza deni lenyewe. Beringi mbili zilikuja saizi siyo, zikarudishwa kwa basi, akatoa kredit noti 0058 ya 300,000 na VAT 54,000, jumla 354,000. Hiyo hela hataipata kamwe na hatakiwi kuipata, mauzo yake yamepungua na VAT yake imepungua.

Advansi haijapunguza deni lolote, ni hela ambayo tayari anayo. Ulimtumia milioni moja wakati wa kuagiza spea, ikakaa kwake, leo mnaiweka mahali pake. Ndo maana kwenye mstari huo inabidi uandike tarehe uliyoituma na namba ya muamala wa siku ile, vinginevyo ataitafuta hiyo milioni kwenye malipo ya leo na hataiona.

Kodi ya zuio nayo ni kitu cha tatu. Hiyo 50,000 ni ya kwake, ila wewe unaipeleka TRA kwa jina lake. Kwake yeye ni sehemu ya kodi ya mapato aliyokwishalipa, atakuja kuidai kwenye hesabu zake za mwaka. Kwa hiyo anaihitaji kwa ushahidi, sio kwa maneno.

Ukiziweka zote kwenye kapu moja linaloitwa makato, mhasibu wake anaweza kuichukulia advansi kama punguzo, akapunguza mauzo ambayo hayajapungua. Nimeona mahesabu ya watu yakivurugika mwaka mzima kwa kitu kidogo hivyo.

Hiyo kodi ya zuio nakata kwenye ankara zote?

Hapana, na hili ndo kosa linaloleta ugomvi kuliko yote. Kwa kampuni binafsi inayomlipa mkazi wa Tanzania, asilimia 5 inaenda kwenye huduma. Spea ni bidhaa, hukati. Ufundi ni huduma, unakata. (Ukiwa taasisi ya serikali mambo ni mengine, kuna asilimia 2 kwenye bidhaa pia, ila huo sio mfano wetu.)

La pili, unakata kwenye thamani kabla ya VAT. Ankara 0423 ni 1,180,000 lakini huduma yenyewe ni 1,000,000, asilimia 5 yake ni 50,000. Ukikokotoa kwenye 1,180,000 unapata 59,000, umemkata mtu 9,000 ambayo sio haki yako kuikata. Elfu tisa ni ndogo lakini itabaki kwenye stetimenti yake kila mwezi mpaka mmoja wenu achoke.

Na mtu akikata asilimia 5 kwenye 8,260,000 yote anapata 413,000. Hapo tegemea simu kabla hujamaliza chai.

Ankara moja ina spea na ufundi humohumo, nafanyaje?

Mwambie saplaya atenganishe kwenye ankara, spea mstari wake na ufundi mstari wake, halafu zuio unalikata kwenye mstari wa ufundi tu. Usijigawie mwenyewe kwa makadirio. Ukishapata mchanganuo, kwenye taarifa andika kabisa "zuio 5% ya ufundi 1,000,000" ili aone umekata kwenye nini. Hayo maneno machache yanaokoa maelezo ya nusu saa.

Saplaya anasema hiyo 50,000 hajailipwa kwa hiyo bado ananidai. Ni kweli?

Hana cheti ndo maana. Mpaka apate cheti cha kodi ya zuio hana cha kuonyesha kwamba hiyo hela ilienda TRA kwa jina lake, kwa hiyo mhasibu makini anaiacha ankara wazi kwa 50,000 na mimi simlaumu hata kidogo.

Utaratibu ni kwamba kodi uliyozuia inatakiwa iwe imelipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi uliokata kuisha. Ukimlipa tarehe 12, una mpaka tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Cheti kinatoka ukishalipa, kwa hiyo siku unayotuma taarifa ya malipo mara nyingi bado huna. Usiache kimya basi, weka mstari chini: "Cheti cha zuio cha ankara 0423, 50,000, kitatumwa baada ya kodi kulipwa." Kikishatoka kitume na utaje namba ya taarifa ya malipo ya mwanzo ili akiunganishe nayo.

Ukikata na usipeleke TRA, hilo ni jambo jingine kabisa na hakuna taarifa ya malipo itakayokusafisha.

Mzigo ulikuja pungufu lakini saplaya bado hajatoa kredit noti. Nikate tu?

Usikate kimyakimya. Najua hasira ya kupokea boksi limefunguliwa njiani, lakini tofautisha kukata na kushikilia. Kukata maana yake mmekubaliana kwamba deni limepungua, na ushahidi wake ni kredit noti yake yeye. Kama hajatoa, deni kwenye vitabu vyake bado liko palepale, na debit noti uliyoiandika wewe ni madai yako tu, haibadilishi VAT yake wala yako.

Tuseme beringi zile zingekuwa bado zinabishaniwa. Mstari wa 0431 ungesomeka jumla 2,360,000, inayolipwa leo 2,006,000, halafu "imeshikiliwa 354,000, beringi 2 saizi siyo, tunasubiri kredit noti". Hela unayotuma ni ileile. Tofauti ni kwamba ankara inabaki wazi kwa 354,000 pande zote mbili, kwako na kwake, na stetimenti zitalingana. Kredit noti ikija mnaifunga. Asipokubali, angalau mnabishana juu ya kitu kimoja chenye namba.

Nimekata kredit noti halafu saplaya anasema nimeikata mara mbili. Inawezekanaje?

Inatokea sana. Saplaya mwingine akitoa kredit noti anaipachika papo hapo kwenye ankara, kwa hiyo stetimenti anayokutumia inaonyesha 0431 ni 2,006,000 tayari. Wewe unachukua hiyo namba ya stetimenti, unakata tena 354,000, unatuma 1,652,000.

Dawa yake nimeshaitaja, anza na jumla iliyo kwenye ankara yenyewe, 2,360,000, sio baki ya kwenye stetimenti. Stetimenti itumie mwishoni kulinganisha, usiitumie kuanzia.

Kwenye Eksel nawezaje kujua kama nimekosea kabla sijatuma?

Tuchukulie jumla za ankara ziko kolamu B mstari wa 2 mpaka wa 4, kilichopungua kiko C, inayolipwa iko E, na kiasi kilichotoka benki umekiandika B7 kwa kukisoma kwenye risiti ya benki, sio kwa kukokotoa. Weka hii pembeni:

```
=SUM(B2:B4)-SUM(C2:C4)-B7
=SUM(E2:E4)-B7
```

Zote mbili zinatakiwa zitoe 0. Zikitoa kitu kingine usitume. Watu wengi B7 wanaiweka fomula badala ya kuandika kilichotoka kweli, sasa hapo unajilinganisha na wewe mwenyewe, lazima itatoa sifuri hata kama benki imetoka hela nyingine.

Halafu kuna jaribio la pili ambalo halihitaji Eksel. Jifanye wewe ndo mhasibu wa Mwanza, chukua karatasi, andika ankara tatu, anza kuzifunga kwa kutumia kile tu kilichoandikwa kwenye taarifa. 0417 funga kwa milioni ya zamani na 3,720,000 ya leo. 0423 funga kwa 1,130,000 na cheti cha 50,000. 0431 funga kwa kredit noti na 2,006,000. Ukifika mahali unalazimika kukumbuka kitu ambacho hakijaandikwa, hicho ndo kimekosekana.

Benki imekata ada, saplaya kapata pungufu. Ada naiweka kwenye makato?

Mara nyingi ada ya kutuma inakatwa kwenye akaunti yako pembeni, haigusi kiasi kilichotumwa, kwa hiyo haina kazi kwenye taarifa. Ni gharama yako, malizana nayo kwenye vitabu vyako.

Shida inakuja pale mtu anapoamua ada ibebwe na saplaya, anatuma 6,846,000 badala ya 6,856,000 na hasemi. Kama mmekubaliana hivyo, iandike kwenye mstari wake yenyewe. Kama hamkukubaliana, maoni yangu ni ibebe tu. Elfu kumi itakayobaki inaning'inia kwenye akaunti yako huko kwenye vitabu vyake miezi sita inakula muda wenye thamani kuliko hiyo elfu kumi.

Na wale ninaowalipa kwa simu?

Wanaokuletea chikichi mara nyingi hawahitaji jedwali lote hili, meseji yenye kilo, bei, advansi iliyokatwa na kilichotumwa inatosha. Ila kwa saplaya mwenye ankara, kumbuka malipo ya simu yana kikomo, kwa hiyo kiasi kikubwa kinaweza kugawanyika mara mbili tatu. Andika kila muamala na namba yake na kiasi chake, halafu jumla. Ukiandika jumla tu, yeye anaona hela tatu tofauti na hakuna hata moja inayofanana na karatasi yako.

Hela haijatosha, nina 5,000,000 tu. Nigawe kidogokidogo kwenye kila ankara?

Usigawe. Funga za zamani kwanza kabisa, baki iende kwenye inayofuata. Kwenye mfano wetu 0417 inachukua 3,720,000, 0423 inachukua 1,130,000, jumla 4,850,000. Zinabaki 150,000, ziweke kwenye 0431. Kwenye mstari wake andika: jumla 2,360,000, kredit noti 354,000, imelipwa leo 150,000, inabaki 1,856,000.

Hiyo "inabaki" iandike hata kama unaona aibu. Saplaya anajua kwamba hujamaliza, anachotaka ni kuona na wewe unajua, na kwa namba ileile.

Ukilipa ankara ya huduma nusunusu, zuio nalo kata kwa ile sehemu unayolipa, nusu nyingine ikija unakata yake.

Zuio linatoka na senti, nizifanyeje?

Chukua huduma yenye jumla ya 1,000,000 pamoja na VAT. Kabla ya VAT ni kama 847,458, asilimia 5 yake ni 42,372.90. Hakuna atakayekufunga kwa senti kumi, andika 42,373, ila namba hiyohiyo iwe kwenye taarifa, kwenye malipo ya TRA na kwenye cheti. Vitu vitatu vyenye namba tatu tofauti ndo vinavyomfanya mhasibu wa upande wa pili aanze kukuhisi vibaya.

Niweke namba ya akaunti ya saplaya kwenye taarifa?

Tarakimu nne za mwisho na jina la benki zinatosha, aone ni akaunti ipi hela imeingia. Na hapohapo, ukipata imeili inayosema "tumebadilisha akaunti, malipo yajayo tuma huku", usibadilishe chochote kwa sababu ya imeili hiyo. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, sio iliyoandikwa kwenye imeili, ongea na mtu unayemjua sauti.

Naituma lini, na kwa nani?

Siku hela inapotoka, ukishapata namba ya muamala. Ukituma kabla, bosi akichelewa kuidhinisha una karatasi inayosema umelipa wakati hujalipa. Ukituma wiki mbili baadaye, mwenzio ameshaifunga kwa kubahatisha na sasa inabidi afumue.

Ipeleke kwa mhasibu wake moja kwa moja. Yule kijana wa mauzo unayechati naye kila siku ni mtu mzuri lakini PDF ikiingia kwenye simu yake inaishia hapo. Kama ni Watsapu tuma kwa wote wawili, ila ya imeili ndo ihesabiwe, na kichwa chake kiwe kitu kinachotafutika: "Taarifa ya malipo, ankara 0417 0423 0431, 6,856,000". Akitafuta namba yoyote kati ya hizo hata baada ya mwaka inakuja.